Usiwashe Overrides kabla hujasoma hapa

> "Nimechezea rangi na nafasi za tovuti kwenye DevTools, ikapendeza, lakini nikirifreshi kila kitu kinarudi. Kuna mtu kasema niwashe Overrides mabadiliko yatabaki. Niwashe?"

Usiiwashe. Ushauri huohuo niliufuata mimi, ukanigharimu siku tatu za kazi na mteja mmoja.

Aliyenipoteza alikuwa na video yake, anaeleza kwa kujiamini: washa Local Overrides, chagua folda, basi, mabadiliko "yamehifadhiwa". Yamehifadhiwa wapi, hakusema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Overrides haigusi mradi wako wala seva. Inaweka nakala ya faili kwenye folda uliyochagua, halafu kila ukifungua ukurasa Chrome inatumia nakala ile badala ya faili linalotoka kwenye seva. Tena inafanya hivyo DevTools ikiwa wazi tu. Mimi siku zote tatu sikuifunga, kwa hiyo kila nikirifreshi naona kazi yangu imetulia pale pale.

Nikamwandikia mteja kwamba tayari. Akajibu haoni tofauti yoyote. Nikamwambia afute kashe, akafuta. Nikamwambia ajaribu kwa simu, akajaribu. Tumebishana jioni nzima, na yeye ndiye alikuwa anaona ukweli.

Nilipogundua, nikaharibu zaidi. Nilichukua `style.css` kutoka folda ya Overrides nikaibandika juu ya `style.css` ya mradi, nzima nzima. Nakala ile ilikuwa ya siku ya kwanza. Katikati hapo mwenzangu alikuwa amerekebisha menyu, kazi yake ikafunikwa. Halafu `style.css` yetu haiandikwi kwa mkono, inazalishwa na Sass kutoka mafaili ya `.scss`. Kesho yake asubuhi mtu akakompaili, na mabadiliko yangu yakafutika yote. Ya mwenzangu yalirudi yenyewe, maana yalikuwa kwenye mafaili ya Sass. Yangu hayakuwa popote, maana folda ya Overrides nilikuwa nimeshaifuta nikidhani nimemaliza.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: badiliko halijakamilika mpaka liandikwe kwenye faili la chanzo, kisha lionekane kwenye dirisha fiche, DevTools ikiwa imefungwa. Na silimbikizi. Nikibadili vitu vitatu vinne, navihamisha hapo hapo kabla sijarifreshi.

Kuhamisha kwenyewe kuko hivi. Tuseme kwenye Styles umeongeza nafasi ya ndani ya kadi. Bonyeza `Ctrl+Shift+P`, andika `Show Changes`, utaona mstari wa zamani na mpya:

```diff
 .kadi {
-  padding: 8px;
+  padding: 16px;
 }
```

Sasa angalia kulia kwa `.kadi` kwenye Styles, pameandikwa jina la faili na namba ya mstari. Ukikuta `_kadi.scss:14`, nenda huko. Ukikuta `style.css:212` na mradi wako ni wa Sass, faili hilo usiliguse, tafuta `.kadi` ndani ya mafaili ya `.scss`. Utakapofika unaweza kukuta hivi:

```scss
.kadi {
  padding: $nafasi;
}
```

Hapa ndipo kubandika kwa pupa kunapoumiza. `$nafasi` ni kigezo kinachobeba ile 8px, na huenda inatumika pia kwenye fomu na menyu. Ukiipandisha iwe 16px, tovuti nzima inasogea. Mimi ningeandika `$nafasi * 2` kwenye kadi peke yake. Uamuzi huo kivinjari hakiwezi kukufanyia, ndiyo maana nahamisha kwa mkono, kanuni moja moja ya CSS.

Angalia pia usiandike kwenye `element.style` kule juu kabisa. Hapo unagusa kipengele kimoja tu, kwenye Changes hakitokei, na kinazishinda kanuni za kawaida. Utaona imekubali, ukihamishia kwenye `.kadi` inagoma kwa sababu kuna kanuni nyingine yenye nguvu zaidi. Jaribu ndani ya `.kadi` tangu mwanzo.

Kama tayari umeshaiwasha, fungua Sources utazame majina ya mafaili: lenye kitone cha zambarau ndilo linalotoka kwenye folda yako, si kwenye seva. Ondoa tiki ya Enable Local Overrides, lakini folda usiifute. Kompaili mradi upya kwanza, kisha linganisha:

```
git diff --no-index css/style.css overrides/style.css
```

Njia za mafaili weka za kwako. Mistari ya kijani ni ya nakala yako, lakini usiichukue yote, maana mingine ni ya zamani tu ambayo wenzako wameshaibadilisha. Chukua ile unayokumbuka kuiandika mwenyewe.