Umepangiwa shule mpya? Anza na vitabu hivi viwili

Juzi kuna mwalimu kaniandikia, ametumwa shule moja huku Arua, Uganda, afundishe Kiswahili sinia wan, anauliza anunue kitabu gani maana darasa limejaa na kelele haziishi. Kwanza sahau fimbo, sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imeshakataza kuchapa shuleni, wale wa stafurum wanaosema hawa bila kiboko hawasikii waache waseme.

Chukua cha Harry na Rosemary Wong, kile cha siku za kwanza za shule, "The First Days of School". Wao wanasema fujo nyingi darasani zinatokana na watoto kutoonyeshwa utaratibu, sasa unawaonyesha, wanaufanyia mazoezi, unawakumbusha mpaka wauzoee. Mimi niliwatoa sinia wan wote nje wakarudia kuingia, wenzangu wakacheka veranda nzima, mpaka leo inaniuma kidogo, ila kufika mwisho wa temu darasa langu lilikuwa linaanza kazi kabla sijafika mlangoni.

Hiyo kazi yenyewe nimeitoa kwa Doug Lemov, kile kitabu chake cha 2010, "Teach Like a Champion". Unaacha zoezi ubaoni la dakika 3 mpaka 5, mahali palepale kila siku, liwe la kuandika na mtoto aliweze bila kukuuliza. Hapo kwa kutouliza ndo wengi wanaharibu. Ukiandika "Jadili ngeli ya KI-VI" utajibu maswali mpaka kengele. Andika hivi: "Kitabu kimepotea. Kikombe kimevunjika. Weka katika wingi." Halafu pita katikati ya madeski usome madaftari. Ukikuta "vitabu imepotea" kila mahali, basi wingi wa nomino wanaujua, kinachowashinda ni kitenzi, na somo lako la dakika 40 lianzie hapohapo hata kama skimu inasema vingine.

Na ukipanga somo, andika kwanza, kabla ya kitu chochote, swali la mwisho, lile watakalolijibu kwenye karatasi somo likiisha. Mfano "Kiti kikubwa kimeanguka" waweke wingi. Ukishajua unataka "Viti vikubwa vimeanguka", utaona mwenyewe lazima katikati ufundishe na kivumishi, na ule wimbo ulitaka kuwaimbisha pengine hauna kazi siku hiyo.

Sasa tatizo, hawa waandishi ni wa Marekani, wewe una watoto 80 na zaidi, karatasi zote hizo utazisahihisha saa ngapi? Wape wawili wawili robo ya karatasi moja. Usitoe maksi, soma tu na upange mafungu matatu: waliopata, waliokosea kivumishi wakaandika "viti kubwa vimeanguka", na waliokosea vyote. Fungu la katikati likiwa nene, zoezi la ubaoni la kesho umeshalipata.