Mpangilio wa 13 bila kupitia yote

"Nina herufi A, B, C, D. Nataka mpangilio wa 13 kwa mfuatano wa kamusi, nikihesabu kuanzia 0, bila kuzalisha yaliyotangulia. Programu yangu inatoa CABA. Na unaofuata naupataje?"

Ndugu, A imejirudia kwa sababu huondoi herufi iliyokwisha kutumika. Nafasi ya kwanza ikishajazwa hubaki mipangilio 3! = 6, kwa hiyo gawanya 13 kwa 6: unapata 2, baki 1. Orodha ni A, B, C, D. Namba 2 ni C. Itoe. Sasa 1 kwa 2! ni 0, baki 1: chukua A, itoe. Zimebaki B na D tu. 1 kwa 1! ni 1, yaani D, kisha B. Jibu ni CADB. Wewe ulisoma namba 1 kwenye orodha ya mwanzo, ukaangukia B, kisha namba 0 ikakurudishia A.

Kurudi nyuma, kwa kila herufi hesabu zilizo ndogo kuliko yenyewe upande wake wa kulia: 2, 0, 1, 0. Basi 2×6 + 0×2 + 1×1 = 13.

Unaofuata hauhitaji faktoria. Toka kulia, tafuta herufi ya kwanza iliyo ndogo kuliko jirani yake wa kulia: ni A. Ibadilishane na ndogo kabisa inayoizidi kulia kwake, B: CBDA. Geuza mkia: CBAD. Wengi husahau kugeuza. Usipoiona herufi kama hiyo, umefika DCBA, wa mwisho.

Herufi zikizidi 20, angalia: 21! haiingii kwenye biti 64.