Kwa nini glukagoni haigusi akiba ya misuli

"Wakuu, narudia fiziolojia. Misuli ina glikojeni nyingi kuliko ini. Sasa sukari ikishuka, mbona glukagoni haiichukui hiyo?"

Mdogo wangu, misuli yote kwa pamoja huweka glikojeni, yaani sukari ya akiba, gramu 400 hivi, ini gramu 100 hivi. Lakini seli za misuli hazina vipokezi vya glukagoni, homoni inayopandisha sukari ya damu, hivyo hazisikii ikiita. Hata adrenalini inapozifanya zivunje glikojeni, zinapata glukosi-6-fosfeti, na glukosi yenye fosfeti haipenyi utando wa seli. Ini lina kimeng'enya cha kuibandua, glukosi-6-fosfatezi. Misuli haina, kwa hiyo sukari yake inatumika humo humo.

Kwenye ini shika neno moja: fosfeti. Glukagoni ikikamata kipokezi chake, cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, inapanda, na vimeng'enya vinaanza kubandikwa fosfeti. Fosforilezi, inayovunja glikojeni, inaamka. Sinthezi, inayoijenga, inalala. Insulini inafanya fosfeti hizo zibanduliwe, na kazi inageuka. Mimi nilipolielewa hili niliacha kukariri majedwali.

Sasa kisa kilichonifundisha mpaka wa glukagoni. Nikiwa mafunzoni hapa Mwanza, usiku walikuja wavuvi wawili wa dagaa wamembeba mwenzao kutoka mwaloni. Alikuwa anatumia insulini. Mwenzake akasema, "Daktari, huyu tangu juzi anakunywa gongo tu, chakula hagusi, ila sindano yake alichoma." Jasho linamtoka, haitiki. Sukari milimoli 1.8 kwa lita. Mshipa ulitusumbua, tukamchoma glukagoni miligramu 1 pajani. Baada ya dakika 15 tukapima: 2.0.

Dawa ilikuwa nzima. Ghala ndilo lilikuwa tupu. Mtu akikaa bila kula, glikojeni ya ini huelekea kwisha ndani ya siku moja hivi, na glukagoni haina cha kuvunja. Njia iliyobaki ni ini kutengeneza glukosi mpya kutokana na laktati na asidi amino, ila pombe huiziba: ini likiichoma pombe, NAD+, kibeba elektroni cha seli, inageuka NADH kwa wingi, na piruveti inasukumwa kuwa laktati badala ya glukosi. Juu ya hayo, insulini ya sindano haipungui sukari inaposhuka, tofauti na ile ya kongosho lenye afya. Iliendelea kuliamuru ini lifunge.

Kwa hiyo ukimpa glukagoni mtu mwenye njaa au pombe, usikae kusubiri. Tulipopata mshipa tulimpa dekstrozi ya asilimia 10, mililita 150, na sukari ikafika 6.2. Akafumbua macho, akauliza mtumbwi uko wapi. Hatukuondoa dripu, tukapima kila saa, maana insulini ilikuwa bado inafanya kazi na ini halikuwa na akiba ya kumshika. Saa tisa usiku ilishuka tena hadi 3.4, tukarudia dekstrozi. Ilitulia asubuhi, baada ya uji na viazi vitamu.