Jibu: Fundi asikate gauni la kilo ambazo huna

"Habari wana jukwaa. Harusi yangu imebaki wiki 12. Nina kilo 78, nataka nifike 63. Gauni nimeshamwambia fundi alishone la kilo 63 ili linipe motisha. Nimepata programu ya chai na supu ya siku 21. Nifanye mazoezi gani ya mikono, nipake nini usoni, na wiki ya mwisho nile nini?"

Mdogo wangu, mpigie fundi sasa hivi umwambie asitie mkasi kwenye kitambaa. Halafu rudi uendelee kusoma.

Hiyo programu naijua. Na mimi niliuziwa na dada mmoja wa mtandaoni, kiuno chake chenyewe kimehaririwa kwenye simu mpaka mlango wa nyuma yake umepinda. Chai asubuhi, chai usiku, katikati supu ya kabichi. Wiki ya kwanza mzani ulishuka vibaya sana, nikawa nawahubiria watu ofisini. Kumbe nilikuwa napungua maji. Wanga tunaokula mwili huuweka akiba kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo inashikana na gramu kama tatu za maji. Ukikata ugali na wali ghafla, akiba inaisha na maji yake yanakwenda chooni. Hizo chai nazo nyingi zina majani ya sena, yaani dawa ya kuharisha. Utumbo unabaki mtupu, mafuta yako palepale yanakuangalia. Mzani hautofautishi, unasoma uzito tu.

Basi mimi mjanja, nikiwa nimekauka namna hiyo, nikaenda kwa fundi kupimwa. Akapima. Nikamwambia apunguze sentimita tatu zaidi kiunoni na kifuani kwa sababu "bado nashuka". Yule baba alinitazama juu ya miwani yake, akauliza, "Una uhakika, binti?" Nikamwambia akate.

Nikarudi kula kama binadamu na maji yakarudi ndani ya siku chache, kama yanavyorudi kwa kila mtu. Siku ya kujaribisha gauni zipu ilifika nusu ya mgongo ikagoma. Fundi akafumua mshono atafute kitambaa cha akiba cha kuachia, hakuna, maana mwenye gauni ndiye aliyesema harudi nyuma. Ikabidi atie vipande kwapani, na kitambaa kile dukani kilishaisha. Gauni krimu, vipande vyeupe pee. Kwenye picha zote za harusi nimebana viwiko kama nimewekewa kipimajoto. Shemeji zangu wanadhani ilikuwa aibu ya bibi harusi. Waache wadhani hivyo hivyo.

Lakini gauni ni nusu ya hasara. Nusu nyingine huyo dada wa chai hakuniambia, na ndiyo inayonikasirisha mpaka leo. Ukijinyima chakula ghafla, nywele nyingi huingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na hazianguki siku hiyo. Zinaanguka miezi miwili hadi mitatu baadaye. Sasa hesabu mwenyewe, wiki 12 ni miezi mingapi? Ukianza supu wiki hii, nywele zitaanza kudondoka wakati wa sendofu. Mimi msusi wangu alisimamisha kitana, akakitoa kimejaa, akanionyesha kwenye kioo bila kusema neno. Tukashonea nywele za bandia, mambo yakaenda. Zangu zilirudi taratibu, lakini kwenye albamu hazimo.

Tufanye hesabu yako. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kilo 15 kwa wiki 12 ni kilo moja na robo kila wiki, yaani upunguze karibu kalori 1,400 kila siku. Mwanamke wa kilo 78 anayekaa ofisini anatumia kama 2,000. Unabakiwa na 600 hivi. Sahani moja ya chipsi mayai inapita hapo, na bado una kazi, kichen pati na vikao vya kamati. Ndiyo maana wanakuuzia maji ya kabichi, hakuna chakula halisi kinachoenea kwenye nafasi hiyo. Na ukienda kasi hivyo unakula misuli yako pia, halafu kupungua haraka namna hiyo kunaweza kukuletea mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Lengo la kweli ni nusu kilo kwa wiki. Utafika kilo 72 au 73. Unaona kidogo? Kiuno hupungua kama sentimita moja kwa kila kilo, na sentimita tano au sita kwenye gauni zinaonekana hata na MC aliyelewa. Kwa hiyo nunua futi ya fundi, pima kiuno na nyonga mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Ukikaribia hedhi usipime wala usilie, maji yanaweza kuongeza kilo moja au mbili halafu yakaondoka yenyewe.

Nguvu nayo iwekee lengo. Siku tatu kwa wiki, chuchumaa na uzito mkononi, jisukume ukiegemea meza, vuta uzito kuelekea kiunoni ukiwa umeinama. Ukiweza mara 12 bila kuhangaika, ongeza kidogo. Wiki za mwanzo utaona nguvu inapanda haraka, hiyo ni mishipa ya fahamu inajifunza, msuli wenyewe unachelewa. Kutoka kujisukuma kwenye meza hadi mara chache sakafuni ndani ya wiki 12 ni lengo la heshima. Ukitaka mikono kama ya mcheza filamu, sogeza harusi mwakani.

Kama unachoka ukipanda ngazi tu, kabla ya kulaumu uvivu kapime damu. Wanawake wengi tumepungukiwa madini ya chuma hata hatujui. Kula dagaa, maini, mchicha wenye ndimu, na chai usinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia. Kila mlo uwe na kitu cha protini, maharage, yai, samaki. Wali usiukimbie, upunguze tu.

Sasa gauni, maana hapa ndipo pesa ilipo. Gauni lifuate mwili uliopo. Fundi akupime leo jinsi ulivyo na aache kitambaa cha akiba kwenye mishono ya pembeni, walau sentimita mbili na nusu kila upande. Kupunguza ni kazi ya jioni moja, kuongeza ndiyo yale ya kwapani kwangu. Mgongoni mwambie atie kamba za kukaza badala ya zipu, hizo zinameza tofauti ya sentimita kadhaa bila mtu kujua. Jaribisha wiki nne kabla, halafu siku kama kumi kabla, ukiwa umekula na umevaa viatu na sidiria ya siku yenyewe. Baada ya hapo usianze zoezi jipya wala chakula kipya. Maumivu ya misuli hukolea siku ya pili, hutaki yakukute unashuka ngazi za kanisani.

Ya usoni waulize wengine. Fundi kapokea simu? Kama kashakata, muulize kaacha akiba kiasi gani, uniandikie hapa na vipimo vyako vya leo tuone kama kamba zitaokoa.