Ameniacha, au ameniacha nusu?

*Shikamoo Shangazi. Nimekuwa na mwenzangu kwa miaka 2. Juzi usiku amenitumia ujumbe huu: "Nimefikiri kwa muda mrefu na nimeamua tusiendelee. Tatizo si wewe, ni mimi. Kwa sasa sina uwezo wa kuwa katika uhusiano. Bado nakujali sana. Naomba unipe nafasi, usinipigie. Mungu akipenda, huenda siku moja tukakaa tukazungumza. Koti lako liko kwangu, hakuna haraka." Rafiki yangu mmoja anasema yamekwisha, mwingine anasema nisubiri. Nimeusoma mpaka nimeukariri. Nisubiri au nisisubiri?*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Ukishaukariri ujumbe wa namna hii, maneno yote huanza kuwa na uzito sawa, na hapo ndipo msomaji anapopotea. Hayana uzito sawa. Uamuzi umo katika sentensi ya kwanza, na hauna sharti lolote: hakusema "iwapo", wala "mpaka", wala "tujaribu kwanza". Yanayofuata yameandikwa na mtu ambaye ameshatamka neno zito na sasa anatafuta namna ya kulipunguza makali, kwa ajili yako na, tusifichane, kwa ajili yake pia, kwa sababu hakuna anayependa kujiona katili.

Hayo maneno "kwa muda mrefu" usiyapite haraka. Yanakueleza kwamba siku mlizokuwa mkiongea kama kawaida, yeye alikuwa tayari anapima kuondoka, na ndiyo maana ujumbe wake umetulia ilhali wewe hata kulala huwezi. Utulivu huo si lazima uwe ukosefu wa moyo. Huenda sehemu kubwa ya majonzi yake aliyamaliza kabla hajakuandikia.

"Tatizo si wewe, ni mimi" wengi huichukulia kama uongo wa heshima, na wengine kama kidirisha cha matumaini, yaani akijirekebisha atarudi. Mimi naiona kama njia ya kuzuia mjadala. Angekutajia kosa lako, ungeomba radhi, ungeahidi kubadilika, na mazungumzo yangeendelea. Kwa kuubeba mzigo wote yeye, amekuondolea cha kujibu.

Sasa tufike kwenye "kwa sasa", maana nadhani hapo ndipo rafiki yako wa pili amejishikilia. Maneno hayo huwa na maana ya kweli yanapofungamana na jambo linalojulikana. Mtu akikuandikia, "Baba anaumwa na mimi ndiye ninayemuuguza, siwezi kukupa muda wako, nitakutafuta mwisho wa mwezi tupange", amekutajia kizuizi, amekutajia atakachokifanya yeye mwenyewe, na amekutajia lini. Unaweza kukubali au kukataa, lakini una kitu mkononi. Rudi kwenye ujumbe wako uvitafute vitu hivyo vitatu. Kizuizi kimeitwa "sina uwezo", bila kusema ni uwezo gani au umepungua kwa sababu gani. Hatua atakayoichukua haipo. Muda haupo. Inawezekana amechoka kwelikweli, inawezekana kuna mtu mwingine, na inawezekana mapenzi yamepungua akaona haya kulisema hilo waziwazi. Kwa maandishi haya peke yake hakuna awezaye kujua ni lipi kati ya hayo, nami sitajifanya ninajua. Ila angalia kwamba kwa yote matatu, jibu lake kwako leo ni lilelile.

"Bado nakujali sana" uiamini. Naona ni kweli, na ndiyo maana inauma kuliko yote. Kosa ni kuisoma kama ahadi, kwa kuwa mtu anaweza kukujali, akakutakia mema, akahuzunika akisikia unaumwa, na bado asitake kuwa mwenzi wako.

Katika ujumbe mzima, kitu kimoja tu amekuomba: nafasi, usimpigie. Hilo lifuate. Najua utagundua, kama hujagundua tayari, kwamba amekataza simu na hakutaja ujumbe wala kupitia kwa dada yake. Moyo uliojeruhiwa huwa hodari wa kusoma sheria. Usimtendee hivyo. Alichomaanisha unakijua.

"Huenda siku moja tukakaa tukazungumza" nayo haimfungi mtu. Hakusema atakuita, hakukuomba umngoje, na hata wa kuamua siku hiyo si yeye, amemwachia Mungu. Kisha, mkikaa, mtazungumza nini? Watu wengi huzungumza miaka baadaye, wakasameheana vizuri kabisa, na kila mmoja akarudi kwake.

Lililobaki ni koti. "Hakuna haraka" inaweza kuwa ni kuogopa kuonana nawe wiki hii, na inaweza kuwa uzi mwembamba ambao hataki kuukata. Usijipasue kichwa kwa hilo; mwombe mtu mwingine akalichukue. Akilitoa bila neno, limekwisha. Aking'ang'ania kukukabidhi kwa mkono wake, mkaonana, akakuuliza kama u mzima kisha akaondoka, alikuwa anataka kuhakikisha kwamba humchukii.

Kuna jambo moja linaloweza kubadili usomaji wangu, nalo wewe hukuliandika: je, amewahi kukuacha hivi kabla, akarudi? Kama ndiyo, basi yasome aliyoyatenda mara ile kuliko haya aliyoyaandika, kwa sababu huenda akarudi tena, kisha akaondoka tena, na swali lako halitakuwa tena kama utasubiri, litakuwa utavumilia mara ngapi.

Mjibu mara moja tu, kwa maneno machache yasiyo na swali wala lawama. Kwa mfano: "Nimekusoma na nimekuelewa. Nimeumia, lakini naheshimu uamuzi wako, na sitakupigia. Fulani atapitia koti. Nami nachukulia kwamba yamekwisha." Sentensi ya mwisho usiifute, hata ukiiona kali. Kama alikuwa amekuachia mlango wazi kwa makusudi, hiyo ndiyo itakayomlazimu aseme; na kama atanyamaza, ukimya wake utakuwa umekujibu kuliko mimi.

Kwa hiyo, usisubiri. Akitaka kurudi ana njia, na utaitambua: atataja uamuzi wake mwenyewe, aseme kwamba ameubadili, akueleze kilichobadilika, na apendekeze siku. Kutazama picha zako kwenye simu si kurudi, wala salamu ya sikukuu, wala "umelala?" ya saa sita usiku. Vitu hivyo vina hatari yake, kwani huja mara mojamoja bila kutarajiwa, na kwa sababu hiyo hiyo humfanya mtu aendelee kuchungulia simu kwa miezi kuliko hata angekuwa anatafutwa kila siku. Ikija "umelala?", iache mpaka kuche. Asubuhi muulize kwa upole kama kuna jambo analotaka kulisema juu ya alichoamua. Na akijibu kwamba alikuwa anakujulia hali tu, mshukuru, kisha usiendeleze.