Hifadhi ya bei nafuu yaweza kukuongezea bili

"Wakubwa, studio yetu hapa Goma ina picha GB 200 kwenye S3, hifadhi ya mtandaoni ya Amazon, kituo cha Virginia. Bili ya mwezi imefika dola 40. Nihamie Standard-IA, daraja la bei nafuu la faili zisizosomwa mara kwa mara?"

Usihame kwanza, ndugu. Kulaza GB 200 kwenye Standard, daraja la kawaida, kwa dola 0.023 kila GB, ni dola 4.60 tu. Fungua Cost Explorer, panga kwa Usage type, utazame `DataTransfer-Out-Bytes`. Nadhani dola 35 zimelala pale: GB 100 za kwanza kutoka ni bure, zinazofuata dola 0.09 kila moja. Yaani wateja wamevuta karibu GB 490.

Ada ya maombi ya kusoma faili, GET, isikutishe. Kama kila picha ni MB 5, GB hizo 490 ni kama GET 98,000, senti nne hivi.

Standard-IA itakuokolea dola 2.10 za kulaza, halafu ikutoze dola 4.90 za kusoma GB hizo hizo. Hasara.

Kinachokula ni ukurasa wa albamu: mteja anafungua picha arobaini za harusi, zote nzima, kwa megabaiti za kununua, achague tatu. Tengeneza nakala ndogo za KB 60 za kuonyesha, picha nzima ishuke akibonyeza. Nakala hizo zibaki Standard, maana IA huhesabu chochote kidogo kuwa KB 128.