Kupiga filamu ya bonde lililoingia chumvi, kwa simu tu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete aliniandikia. Ana simu, hana kamera, na anataka kupiga filamu fupi "kuhusu mabadiliko ya tabianchi Pemba". Anauliza anunue kamera gani. Nilimjibu kwa ufupi nikamwahidi jibu refu, na hili ndilo. Swali kama lake naletewa mara kwa mara tangu filamu yangu ya bonde ilipooneshwa, na sifichi kwamba nafurahi kuulizwa, kwa sababu wapo walionicheka waziwazi walipoona napiga dokumentari kwa simu iliyopasuka kioo.

Kamera iache kwanza. Mabadiliko ya tabianchi hayapigiki picha. Huna pa kuielekezea simu. Kinachopigika ni maji ya bahari yakivuka tuta fulani, siku fulani, yakaingia kwenye mpunga wa mtu fulani. Upande wa magharibi wa Pemba, hori zinaingia ndani sana baina ya vilima, na mabonde mengi ya mpunga yanaishia kwenye mikoko. Kinachotenganisha mpunga na bahari ni tuta la udongo tu. Tuta likilika au likitobolewa na kaa, bahari inaingia. Shamba likishalowa chumvi mara kadhaa mwenyewe huliacha, na miaka ikipita utakuta michu inachipua palepale palipokuwa na majaruba.

Waandishi wa khabari hufika Kisiwa Panza, na kwa haki kabisa. Lakini yako mabonde madogo ambayo hakuna anayeyataja, na mimi nilichagua moja la namna hiyo. Jina silisemi, wenyewe waliniomba.

Nililichagua kwa sababu moja ambayo nataka muishike kuliko nyengine zote: tukio lake lina saa inayojulikana. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji kwetu hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Hupwa baina ya saa nne na saa tano. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita nne, wakati siku za maji mafu bahari haisogei sana. Maana yake ni kwamba maji yanavuka tuta alasiri, kuna mwanga, wewe umeshakaa unasubiri. Mwenye vifaa duni anahitaji mada ya namna hii. Hutakuwa na kamera ya kukimbizana na tukio, basi chagua tukio linalokuja lenyewe kwa ahadi.

Bamvu kubwa za mwaka huja karibu na mwezi wa tatu na wa tisa. Hapo maji hupanda kuliko kawaida, lakini msidhani hizo ndizo zinazoumiza zaidi. Bimkubwa niliyemfuata mimi alinielewesha hili kabla sijalikuta pengine popote. Chumvi ikiingia mwezi wa tatu, masika ikija vizuri inaosha shamba, na mtu anaweza kupanda. Inayoua ni chumvi inayoingia mpunga ukiwa mche, au ukiwa unachanua. "Hapo mwanangu hata ukilia, yashakuwa," aliniambia, huku anang'oa suke jeupe lisilo na punje. Kwa hiyo mtu wa kwenda mara moja tu asiende bamvu kubwa kwa kuwa ina maji mengi ya kupendeza. Aende bamvu linaloukuta mpunga shambani. Mwenye uwezo wa kurudi, apige bamvu la mwezi wa tatu, arudi mpunga unapochanua, kisha arudi kwenye mavuno. Mavuno yenyewe ndiyo mwisho wa filamu, yawe mapolo au yawe pakacha moja.

Sasa namna ya kupiga. Siku moja kabla ya bamvu fika maji yakiwa yamekupwa, utembee tuta zima na mwenyeji. Tafuta sehemu iliyoshuka, yenye mashimo ya kaa, yenye udongo uliobadilika rangi. Maji yatavukia hapo. Ukikuta ukungu mweupe wa chumvi juu ya udongo mkavu, na ncha za majani ya mpunga zimekauka na kugeuka nyeupe, jua yameshawahi kufika. Chomeka mti wenye alama za rangi kila sentimita kumi, ndani ya shamba, si nje. Chomeka na kijiti kingine pale utakapoweka simu, na kiache hapo mpaka mavuno. Kila ukirudi weka simu palepale, kimo kilekile, bila kukuza picha. Picha tatu za mahali pamoja, kwa nyakati tatu, zinasema kuliko maelezo ya mtaalamu wa dakika kumi. Na ule mti wa alama unamziba mdomo yeyote atakayekwambia "ni mvua tu hiyo".

Stendi ya miguu mitatu inazama kwenye matope. Mimi niliweka ndoo iliyopinduliwa juu ya kipande cha ubao, na simu nikaifunga kwa mpira wa baiskeli. Watu walicheka. Picha haikutikisika.

Mwanga utakusumbua. Upande wa magharibi bahari iko kunakozama jua, na maji yanajaa saa ambazo jua limeshaanza kushuka. Ukimsimamisha mtu mbele ya maji, maji yatang'ara na uso wake utakuwa kivuli kitupu. Mgeuze aangalie pembeni, jua limpige shavu moja, na bahari ionekane ubavuni mwake. Kisha bonyeza uso wake kwenye skrini, ushikilie mpaka mwanga na fokasi vifungike, visije vikabadilika kila wingu likipita. Kwa yale maji yanayopanda fanya hivyo hivyo, funga mwanga, halafu usiiguse simu. Picha ya kawaida ya 1080p hula kama GB 8 kwa saa, kwa hiyo safisha simu kabla hujaondoka nyumbani.

Lakini kinachoua filamu nyingi za mwanzo ni sauti. Picha mbovu mtazamaji huivumilia. Miezi ya kusi upepo unavuma mchana kutwa, na bonde lililo wazi halina pa kujificha. Mahojiano usiyafanye tutani. Yafanye nyuma ya nyumba, ubavu usio na upepo, alfajiri au baada ya isha. Chukua simu ya pili, hata kongwe, iweke kwenye hali ya ndege, irekodi sauti tu ikiwa karibu na kifua cha msemaji. Piga kofi moja mbele ya simu zote mbili. Ukihariri utalinganisha mlio wa kofi na mikono inavyokutana. Mimi ni mwanamme, na Bimkubwa ni mtu mzima wa watu, kwa hiyo simu ile sikumbandika mimi. Nilimpa mjukuu wake, akaiweka ndani ya kanga. Wako wengine hawakutaka sura zao zionekane. Nikapiga mikono yao, na migongo yao wakiinama. Sioni kama filamu ilipungukiwa.

Nisisahau sheha. Kabla hujatoa simu mfukoni nenda kwake, ukae, useme unataka nini na filamu itaoneshwa wapi. Filamu ya kuoneshwa hadharani ina utaratibu wake wa kibali kupitia Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na barua ya sheha inakusaidia kuanza. Mimi nilikwenda ofisi moja kuomba maelezo ya kwa nini tuta halijengwi, nikaambiwa njoo kesho mpaka mpunga ukavunwa. Nilichofanya ni kuandika kwenye filamu kwamba niliomba majibu na sikupata. Sikutukana mtu. Vijana mnapenda kutukana ofisi kwenye video, mnapigiwa makofi siku mbili, halafu sheha hakufungulii mlango tena.

Na msidai msichoweza kukionesha. Simu yako inaweza kuthibitisha kwamba maji yamevuka tuta hili, kwa kina hiki, siku hii. Haiwezi kuthibitisha kwa nini. Bahari inapanda, ndiyo, lakini kwenye bonde langu pia mikoko ya mbele ya tuta ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mkaa na kuchomea chokaa, na hakuna mizizi iliyobaki kuvunja nguvu ya maji na kushika tope. Na tuta lenyewe halikuwa linatiwa udongo kama zamani, kwa kuwa vijana waliokuwa wakilijenga wameshahamia Unguja na Dar es Salaam. Niliwauliza wazee maji yalianza lini, na kwa kuwa miaka haikumbukwi niliuliza kama ni kabla ya mvua za Elinino za 1997 na 1998 au baada. Wakagawanyika. Nikauweka ugawanyiko wao kama ulivyo. Mtu mmoja mwenye cheo aliniambia hilo linadhoofisha filamu. Namheshimu, lakini yeye hajawahi kukaa tutani saa kumi alasiri.

Filamu iwe fupi. Dakika nane zinatosha kwa tuta moja na mwanamke mmoja. Kabla ya kuiweka mtandaoni niliionesha pale pale kijijini, uwanja wa skuli, kwenye shuka jeupe, kwa projekta ya kuazima. Bimkubwa alisimama katikati akasema tuta lile ninaloliita la serikali lilijengwa na babu yake na wenzake kwa majembe. Nikarudi kuhariri sauti.

Hifadhi faili zako za asili, zile zilizotoka kwenye simu bila kuguswa, zenye tarehe zake, kwenye sehemu mbili tofauti. Shirika moja lilichukua picha zangu za maji yakivuka tuta, likazitia kwenye video yao yenye muziki wa huzuni, jina langu hakuna. Niliwaandikia, wakasema zimepigwa na mtu wao. Nikawatumia faili ya asili na picha ya mti wangu wa alama, ambao rangi yake nilichanganya mwenyewe. Jina liliwekwa, mwishoni kabisa, herufi ndogo za kusomwa na mwenye miwani. Nina miwani.